Pole ya maneno, pole ya alama

Tangazo linaingia kwenye kundi la WhatsApp la watu 200 waliosoma pamoja: mwenzetu kafiwa na mama, mazishi kesho saa 10 jioni. Kufikia usiku "Pole sana" zimejaa, na anayetafuta saa ya mazishi haioni tena. Hapo alama ya 🙏 juu ya tangazo inatosha. Mfiwa akiigusa ataona majina ya walioiweka. Chunga kidole tu, maana 😂 iko safu hiyohiyo. Ukikosea, iguse, kisha gusa yako kwenye orodha iondoke.

Andika maneno ukiwa na la kusema, hasa kama ulimjua marehemu. Mwandikie mfiwa pembeni: "Pole, ndugu yangu. Mama alinipikia uji nilipougua. Kesho nitakuwepo." Rafiki wa karibu mpigie simu.