Bibi Anakuna Nazi, Sasa Anasikika

Filamu tuliyoazimwa na mama wa mwanachama mwenzetu ni ya Supa 8, imepigwa Mombasa miaka ya sabini, na haina sauti hata kidogo. Tulichagua sekunde 40 tu: bibi anakuna nazi uani, mtoto mwenye kandambili anapita mbele yake na kuingia ndani.

Kabla ya sauti yoyote, mwendo wa picha lazima uwe sawa. Kamera nyingi za Supa 8 za nyumbani zilipiga fremu 18 kwa sekunde. Zikichezwa 24, bibi anakuna kwa kasi iliyozidi kwa thuluthi, na ukimwekea sauti hapo, nayo italazimika kukimbia. Kwa hiyo tulianza kwa kuirudisha kwenye 18.

Kutengeneza milio huku ukitazama picha huitwa foli, kwa jina la Jack Foley wa studio za Universal. Ni kazi ya kuigiza. Unautazama mkono wa bibi mpaka ujue anapumzika wapi na anageuza kifuu lini, ndipo unakuna pamoja naye. Mbuzi tulikuwa naye, wa kweli, na nazi zilipatikana dukani. (Nazi ya pakiti haisaidii, haina kifuu cha kulia.) Lakini mbuzi akiwekwa kwenye sakafu ya mbao huvuma kama ngoma, wakati picha inaonyesha ardhi ya udongo. Blanketi lililokunjwa mara nne liliumaliza mvumo. Mengine tuliyatundika ukutani, kwa sababu mwangwi wa chumba humjulisha msikilizaji mara moja kwamba hapa si uani. Maikrofoni ilikaa hatua mbili mbali, kama kamera ilivyokaa mbali na bibi. Mlio wa karibu mno huonekana umebandikwa juu ya picha.

Kandambili zilitupa kazi zaidi. Zina milio miwili: unyayo ukitua, kisha kile kibao kwenye kisigino mguu ukiinuka. Ukiweka wa kwanza peke yake, mtoto anakuwa amevaa viatu vingine.

Mwisho tukaja kwenye sauti ya mahali penyewe. Ndege wa Uingereza hawafai Mombasa, basi shangazi mmoja akaturekodia uani kwake kwa simu, dakika sita: kunguru, upepo kwenye minazi, na bodaboda ambazo hazikuwapo zama zile. Tulizikata. Dakika sita kwa sekunde 40 si nyingi, kwani ukirudiarudia kipande kifupi, kunguru yuleyule hulia kila baada ya muda uleule, na sikio humkamata. Sauti hii tuliishusha mpaka ikawa haionekani ipo, ila ukiizima, uani panakuwa kama ndani ya sanduku.

Mtoto akishaingia mlangoni, kandambili zake tumeziacha zisikike hatua tatu zaidi, zikififia.