Neno la Shukrani kwa Mwalimu wa Hesabu za Dawa

Wiki mbili kabla ya somo la mwisho, wenzangu wa darasa la uuguzi hapa Uingereza walinichagua nimshukuru mhadhiri wetu wa hesabu za dawa kwa niaba ya wote. Sababu yao ilikuwa moja tu: "Wewe Mswahili, hamkosi maneno." Nikakubali, kisha nikarudi nyumbani na kuandika kurasa tatu zilizoanza na itifaki na kumalizika na dua.

Mume wangu alizisoma, akaniuliza, "Mama Salma, huyu mwalimu kafanya nini hasa?" Nikatazama kurasa zangu. Nilikuwa nimemwita nguzo, taa na mlezi, lakini kazi yake sikuitaja hata mara moja.

Tena si darasa zima lililompenda. Alikuwa mkali, na madaftari aliyarudisha kwa kuchelewa. Ningesema "sote tunakupenda", wapo ambao wangeinamisha vichwa. Kwa hiyo nilimwomba kila mmoja katika sisi 22 aniandikie sentensi moja: kitu gani ulikipata kwake ambacho bado unakitumia? Wengi walitaja kitu kimoja, kikombe.

Kisa cha kikombe ni hiki. Mtoto anahitaji miligramu 180 za parasetamoli, na chupa imeandikwa miligramu 120 katika kila mililita 5. Unagawa 180 kwa 120, unapata 1.5, kisha unazidisha kwa 5. Jibu ni mililita 7.5, yaani kijiko kimoja na nusu cha dawa. Mwenzetu mmoja aliruka nukta, akaandika 75. Mwalimu hakusema neno. Alipima mililita 75 za maji, akazimimina kwenye kikombe na kukiweka mezani. "Nani atamnywesha mtoto dawa hii?" Vilikuwa vijiko 15. Tangu siku hiyo alitutaka, kabla ya kukokotoa, tuseme kwanza kama jibu litazidi kijiko au litapungua, na kwa kiasi gani. Katika mtihani huu wa hesabu mwanafunzi wa uuguzi hapa hafaulu mpaka apate alama 100 kwa 100, maana wodini kosa moja linatosha.

Tatizo likawa yule mwenzetu. Aliniandikia: "Sema lolote, ila kikombe usikitaje. Bado naona aibu." Nilikaa na ujumbe ule siku mbili. Kukiacha kikombe kungekuwa kuiacha shukrani yenyewe, na kukisimulia kungekuwa kumvua nguo mtu mbele ya wenzake. Mwisho nilimpigia simu nikamsomea sentensi moja: "Tuliandika 75." Nikamwambia, nitasema tuliandika, kwa sababu mezani kwangu mimi mwenyewe siku ile palikuwa na 75 niliyoifuta haraka. Alicheka, akasema, "Basi sema."

Pesa tulizochanga hatukununulia zawadi. Mitihani ilikuwa haijasahihishwa, na zawadi kabla ya alama, hata ikiwa ya nia njema, huonekana kama hongo. Ofisi ya kitivo ilinithibitishia hivyo, ikaongeza kuwa hata baadaye iwe ndogo. Tukanunua kadi, tukatia saini wote 22.

Siku yenyewe nilisimama kabla hajaanza kukusanya vitu vyake, dakika tano kabla ya muda kwisha, watu wakiwa bado wameketi. Ukingoja kipindi kiishe, nusu ya darasa iko mlangoni. Yeye tulimwita kwa jina lake la kwanza, ndiyo desturi ya hapa, lakini mimi nilianza na neno la kwetu:

"Mwalimu. Kwetu neno hili ni cheo, hata rais wa kwanza wa Tanzania aliitwa hivyo. Tuliandika 75, ukatuonyesha 75 ni nini. Ulikuwa mkali, na wapo waliokasirika. Lakini leo hakuna kati yetu anayeshika dawa bila kujiuliza kwanza kama jibu linaingia kwenye kijiko. Watoto tutakaowahudumia hawatakujua. Sisi tunakujua, na tunakushukuru."

Haikufika dakika moja na nusu. Nilimtazama yule mwenzetu wa 75. Alikuwa ameinua kichwa.

Mwalimu hakutoa hotuba. Aliitazama kadi, akasoma majina moja moja, kisha akanyoosha mkono akiomba ile karatasi niliyosomea. Sikuwa nimelitarajia hilo. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa, imejaa mistari niliyofuta, na nyuma yake kuna orodha ya vitu vya sokoni: unga, nazi, bamia. Nilimpa hivyo hivyo. Wewe ukichaguliwa, andika nakala safi.