Doa Jeusi la Embe

Msimu wa maembe ukishika Tana, doa linalosumbua nguo kuliko yote si la njano, ni jeusi. Mtu amekula ngowe, maji yakamdondokea kwenye kanzu nyeupe, akaisugua kwa sabuni ya kipande na kuianika. Ikikauka, pale palipokuwa na manjano hafifu pana alama ya kijivu iliyokoza, na kila akirudia sabuni inazidi kukoza. Embe ndilo linalolaumiwa. Lakini weusi ule haukutoka kwenye embe peke yake. Umezaliwa kwenye beseni.

Maji ya embe, hasa ya karibu na ganda, yana tanini, ile ile inayofanya chai ya rangi ikaushe ulimi. Tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi. Wino wa zamani ulitengenezwa hivyo hivyo, kwa tanini ya miti na chumvi ya chuma, na ndiyo maana maandishi yake yalidumu karne nyingi. Nasi kando ya Mto Tana chuma hatukikosi. Wekundu wa tope la mto ni kutu ya chuma iliyosagika. Maji yaliyolala ndani ya pipa la chuma au yaliyopita kwenye bomba kuukuu huongeza yake. Juu ya hayo, sabuni ya kipande ina magadi, na tanini ikiguswa na magadi huwa kahawia hata pasipo chuma.

Maji yako ni rahisi kuyapima. Mimina chai kali ya rangi, isiyo na maziwa wala ndimu, kwenye gilasi yenye maji ya kufulia. Yakigeuka ya kijivu au meusi kama wino, yana chuma cha kutosha kuharibu nguo. Yaache kwenye ndoo ya plastiki usiku kucha, kisha chota ya juu bila kutibua masimbi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi la plastiki ni bora zaidi kwa nguo nyeupe.

Kabla ya kugusa doa, jua nguo imefumwa kwa nini, kwa sababu dawa ya pamba ni sumu ya hariri. Mitandio mingi inayouzwa kwa jina la hariri ni poliesta. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani na uuchome. Pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua, na donge linalobaki husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Rangi nayo ijaribiwe: tone la dawa unayotaka kutumia kwenye pindo, kitambaa cheupe juu yake, kandamiza dakika tano. Kitambaa kikishika rangi, dawa hiyo usiitumie. Leso mpya mara nyingi hushindwa hapa.

Kanzu ya pamba iliyokwisha kuwa na doa jeusi niliwahi kuletewa na mteja wa Garsen, na kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza niliirowesha kwenye maji baridi yaliyotulia ili kuondoa sabuni yote iliyobaki, kwani magadi yake yangeua nguvu ya ndimu. Kisha nilikamua ndimu moja, nikachuja maji yake, nikatia chumvi kidogo na kulowanisha doa. Dakika kumi, nguo ikiwa kivulini na doa lisiachwe kukauka. Asidi ya ndimu hukishika chuma na kukibandua kutoka kwenye tanini, na utaona weusi ukififia kuwa kahawia nyepesi. Nikasuuza kwa maji mengi mara tatu. Hapa watu hufanya pupa: wanaanika nguo ikiwa na ndimu ndani yake. Maji yakikauka asidi hubaki ikiwa kali zaidi, na pamba, ambayo huvumilia magadi vizuri, haivumilii asidi. Baada ya muda mahali pale hupasuka kwa kuvutwa kidogo tu.

Ile kahawia iliyobaki ilikuwa tanini tupu. Niliitilia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayouzwa duka la dawa kwa kusafishia vidonda, nikaiacha nusu saa, nikafua kwa sabuni ya unga na kuanika juani. Jua husaidia pia kufifisha manjano ya nyama ya embe. Mpangilio huo usigeuzwe. Peroksaidi ikikuta chuma bado kimo ndani ya uzi, huchachamaa hapo hapo na kuutafuna uzi, na baada ya kufua mara kadhaa vitundu huanza kuonekana.

Jik je? Kwenye pamba nyeupe isiyo na chuma inafanya kazi, ikichanganywa na maji mengi na kusuuzwa upesi. Kwenye maji ya kisima chenye chuma, klorini yake hukigeuza chuma chote kuwa kutu na kuitandaza nguo nzima, na kanzu hutoka ya manjano kuliko ilivyoingia. Usiichanganye kamwe na ndimu au siki, maana hutoa gesi inayochoma mapafu.

Kwa hariri na sufu, Jik isikaribie kabisa. Nyuzi hizi ni protini kama nywele. Tia uzi wa sufu kwenye Jik isiyochanganywa na maji: kwanza utageuka wa manjano, kisha utayeyuka wote. Sabuni za unga zenye vimeng'enya nazo humeng'enya protini, na uzi wenyewe ni protini. Tumia shampuu laini ya mtoto. Kwa doa jeusi weka siki nyeupe, kijiko kimoja kwenye nusu lita ya maji, kwani hariri na sufu huvumilia asidi hafifu kuliko magadi. Hariri usiisugue. Nyuzi zake zikichubuka huacha baka jeupe lisilong'aa, na watu hudhani ni doa jipya. Kandamiza kwa kitambaa cheupe, halafu lowesha mtandio mzima ili maji yasiache duara. Sufu hudhuriwa na joto na msuguano. Maji ya kufulia na ya kusuuzia yawe ya uvuguvugu mmoja, usiikamue, izungushe ndani ya taulo na kuilaza juu ya mkeka kivulini. Peroksaidi ile ya asilimia 3 inafaa kwa hariri na sufu nyeupe pekee, ikichanganywa na maji kiasi chake, kwa dakika chache ukiiangalia.

Utomvu ni habari nyingine, na wachumaji wanaujua. Unaporuka kutoka kwenye kikonyo una mafuta ndani yake, kwa hiyo maji matupu hayauondoi. Ukiwahi siku hiyo hiyo, weka kitambaa chini ya doa, gusa juu kwa pamba yenye spiriti, mbali na moto, na badilisha kitambaa kila kinapochafuka. Kisha fua kwa sabuni ya unga. Utomvu uliokaa mpaka ukawa wa kahawia iliyokoza umeshaungana na uzi, na dawa kali ya kuutoa itautoa pamoja na uzi wenyewe. Nguo hiyo ibaki ya kuchumia maembe.