Ndani ya Kompyuta (Sehemu ya 3): Betri ya Saa Ikifa

Katika saiba za Nakuru, lawama ya kwanza huenda kwa mtandao. Mteja anataka kujaza ritani ya kodi, tovuti ya iTax haifunguki, na skrini inaonyesha NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kabla ya kugusa nyaya, tazama tarehe kwenye pembe ya chini ya skrini. Ikiwa kompyuta inasema ni Januari 2012, basi mtandao hauna kosa. Kila tovuti salama huja na cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kwa mashine inayodhani iko 2012, cheti cha mwaka huu hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakikataa.

Kompyuta ikizimwa huku soketi ikiwa bado na umeme, pawasaplai huendelea kulisha saa. Soketi ikikatwa, kazi hiyo huibeba betri bapa ya volti 3 iliyo kwenye madabodi, CR2032. Kutoka Naivasha hadi Molo, wengi huzima soketi zote jioni wakihofia umeme utakaporudi kwa kishindo. Hawakosei, lakini betri ndiyo inayokesha kila usiku, na mara nyingi kompyuta yenyewe ilinunuliwa ikiwa imeshatumika miaka mingi ng'ambo.

Kuthibitisha ni rahisi. Rekebisha saa, zima kompyuta, uache soketi ikiwaka usiku kucha. Usiku unaofuata, zima na soketi pia. Saa ikipotea usiku wa pili peke yake, mkosaji ni betri. Ikiwa saa inakosea kwa saa 3 kamili, usinunue chochote: kagua kwanza kama kompyuta imewekewa majira ya Nairobi.

Kinachowatia watu hofu zaidi ni mipangilio. Chukua Dell OptiPlex ambayo Windows yake iliwekwa diski ikiwa katika hali ya AHCI. Betri ikifa, mashine inaweza kurudia hali iliyotoka nayo kiwandani, RAID On. Windows haiioni tena diski yake, skrini inageuka buluu na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Nimeona watu wakifuta kila kitu na kuweka Windows upya, faili za wateja zikapotea bure. Ilitosha kubonyeza F2 inapowaka, kufungua SATA Operation na kurudisha AHCI.

Kwa hiyo piga picha kurasa za mipangilio kwanza, kama bado ziko sawa. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, kisha sukuma kibanio betri iruke. Mpya ikae upande wa + juu. Usikubali CR2025: volti ni zilezile, lakini ni nyembamba, huenda isishikane vizuri. Kisha rudisha tarehe na mipangilio kwa kufuata picha zako, na uhifadhi.

Betri ya zamani usiiache mezani. Hata iliyochoka, mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa 2; akiimeza, mkimbize hospitalini papo hapo bila kungoja dalili.