"Toa Maandishi", na Maandishi Hayamo

Ujumbe una maneno mawili tu, "Toa maandishi", na faili la PDF limeambatishwa: tuseme ni orodha ya michango ya chama cha akiba na mikopo, kurasa 12 zilizopigwa chapa. Ukilifungua, linasomeka vizuri. Jaribu kuchagua neno moja ulinakili, halishikiki. Ndani hamna herufi hata moja, mna picha 12. Hapo inahitajika programu ya kutambua herufi. Tesseract, ambayo ni ya bure, inakijua Kiswahili, ila mwandiko wa mkono huishinda.

Usiiwashe kabla ya kutazama namba za kurasa. Skana ikiwa inasoma upande mmoja tu, karani hupitisha rundo lote, hulipindua, kisha hulipitisha tena. Faili linaanza na kurasa 1, 3, 5 hadi 11, halafu linarudi kinyumenyume: 12, 10, 8 hadi 2. Zipange kwanza, ndipo uzisome:

```
qpdf orodha.pdf --pages . 1,12,2,11,3,10,4,9,5,8,6,7 -- sawa.pdf
ocrmypdf -l swa --deskew --tesseract-pagesegmode 6 --sidecar maandishi.txt sawa.pdf tayari.pdf
```

Neno `--deskew` hunyoosha kurasa zilizoinama kidogo. Ile 6 ndiyo inayookoa jedwali. Bila hiyo, programu inaweza kudhani kila safu ni habari inayojitegemea, ikashusha majina yote kwanza, kisha fedha zote. Kisanduku kimoja kikiwa kitupu, fedha za chini yake zinapanda hatua moja, na kila mwanachama anajikuta na mchango wa jirani yake. Ukiweka 6, husomwa mstari kwa mstari. Hata hivyo, asiyelipa Januari huenda mchango wake wa Februari ukasogea kushoto, kwa sababu nafasi tupu haiandikwi. Mstari wenye namba pungufu urudishe kwenye picha.

Makosa ya maneno hayasumbui sana. "Rnchango" badala ya "mchango" inajitangaza yenyewe. Hatari iko kwenye tarakimu, maana 13,500 ni namba halali kama 18,500. Kwa bahati, orodha za fedha huwa na jumla chini ya ukurasa. Tuseme programu imesoma 45,000, 13,500 na 60,000, na jumla iliyochapwa ni 123,500. Ukijumlisha unapata 118,500. Pengo la 5,000 linakuelekeza kwenye tarakimu ya maelfu, na kwenye picha utakuta 8 iliyofifia upande wa kushoto ikasomwa 3. Makosa mawili yanaweza kufutana, kwa hiyo jumlisha pia kila mstari kwenda kulia, kama orodha ina jumla za upande huo.

Mara nyingine picha nayo inakubaliana na ulichosoma, na jumla bado inagoma. Basi aliyechapa ndiye aliyekosea hesabu. Iache namba ilivyo, umwandikie aliyekutumia kwamba ukurasa fulani jumla yake haikubali.