Baridi ya Lubumbashi haionekani kutoka Brisele: jinsi ya kuandika barua ya kuomba nguo

Katika mazoezi yetu ya uandishi, barua ya kuomba huhesabiwa kuwa kazi nyepesi: salamu, ombi, shukrani, basi. Nami niliifikiria hivyo hadi mwaka nilipomwandikia shangazi yangu, anayeishi Brisele, kumwomba nguo za baridi na viatu kwa ajili ya mama na mdogo wangu. Niliandika sentensi tatu tu juu ya ombi lenyewe: huku kuna baridi kali, mama huvaa 14, mdogo huvaa viatu namba 36. Kifurushi kilipofika, kulikuwa na koti nene la theluji, sweta mbili za msichana wa miaka kumi na minne, na viatu ambavyo mdogo wangu hakuweza hata kuingiza visigino. Shangazi alikuwa ametumia fedha nyingi, na mama aliendelea kwenda sokoni alfajiri akiwa amejifunga kitenge juu ya blauzi. Kosa halikuwa la shangazi. Barua yangu ndiyo iliyomdanganya, na nataka kueleza ilimdanganya wapi.

Kwanza ni neno «baridi». Mtu wa Brisele akilisoma huona Januari ya kwake: mvua, barafu, siku nzima bila jua. Baridi yetu ni nyingine. Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1200 hivi, na katika Juni na Julai anga huwa bila mawingu. Usiku joto la ardhi hupaa bila kizuizi, kwa hiyo alfajiri nyingi kipimo huwa chini ya nyuzi 10, na nyingine hukaribia 5. Lakini saa nane mchana hufika 25 hivi. Tena nyumba zetu hazina moto wa kupasha vyumba. Ndani ni baridi karibu sawa na nje. Mtu wa namna hii hahitaji koti la theluji, maana saa nne asubuhi atakuwa amelibeba mkononi. Anahitaji nguo nyembamba mbili au tatu anazoweza kuvua moja moja, yaani fulana ya mikono mirefu, triko ya sufu, na koti jepesi linalozuia upepo. Neno «kiangazi» nalo halisaidii, kwa sababu shangazi analisoma kama majira ya jua kali. Afadhali kumwandikia miezi, saa na nyuzi za joto.

Pili ni namba. Namba 14 niliisoma katika lebo ya sketi ya mama, nayo ilitoka Afrika Kusini, ambako hufuata hesabu ya Kiingereza. Kwa hesabu ya Ubelgiji na Ufaransa, 14 hiyo ni karibu 42. Huko Brisele 14 bila maelezo ni nguo ya mtoto wa miaka kumi na minne, na ndivyo shangazi alivyoelewa. Ujerumani wangeiita 40, Italia 46. Namba peke yake haina maana bila kutaja nchi yake. Sentimita haibadiliki mpakani. Basi nilichukua kipimo cha fundi cherehani nikampima mama kifua, nyonga, na mkono kuanzia bega hadi kifundo. Jambo moja linahitaji uangalifu: lazima useme kama umepima mwili au nguo. Kifua cha mama ni sentimita 98, lakini triko itakayomtosha juu ya blauzi ina mzunguko wa 108 hivi. Ukiandika 98 bila maelezo, dada wa dukani atapima triko yenyewe na kuleta ya kubana.

Tatu ni viatu, ambako makosa ni mengi zaidi. Namba 36 niliisoma katika kiatu cha zamani cha mdogo wangu, ambacho tayari kilikuwa kimembana. Namba ya Ulaya huhesabu urefu wa ndani wa kiatu, na kila namba ni theluthi mbili za sentimita. Kwa hiyo 36 ni sentimita 24. Safari ya pili nilimsimamisha mdogo wangu juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana, naye akiwa amevaa soksi. Nikatia alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Nilipima miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja huuzidi mwingine, nikachukua ule mkubwa: 23,4. Niliongeza 1,2 ili vidole vipate nafasi, na 0,6 kwa sababu ni mtoto wa miaka kumi na miwili na kutoka Novemba hadi Juni mguu utakua. Jumla ni 25,2. Ukigawanya kwa theluthi mbili unapata karibu 38. Si 36! Karatasi yenyewe niliikata kwa kufuata mguu nikaitia ndani ya bahasha, ili shangazi aiweke ndani ya kiatu dukani.

Nimetaja Novemba kwa makusudi. Juni yetu ya baridi ni Juni yao ya jua, na maduka hayana sufu wakati huo. Huko nguo za baridi hupunguzwa bei Januari. Barua ikifika Desemba, shangazi hununua kwa bei nafuu, na mzigo wa meli una miezi ya kutosha kufika kabla ya Juni. Barua ya kwanza niliiandika Mei, wakati tayari tunatetemeka.

Barua ya pili, baada ya salamu na habari za nyumbani, ilikuwa hivi:

«Shangazi mpendwa, mama anakushukuru kwa koti, tumelitandika juu ya kitanda, linatufaa usiku. Nisamehe, mwaka jana sikueleza vema. Mama hutoka nyumbani saa kumi alfajiri, nyuzi 7 au 8, na saa nne jua linachoma. Mdogo hutembea dakika arobaini katika vumbi hadi shuleni. Triko yake lazima iwe bluu, rangi ya shule. Kama mfuko hauruhusu vyote, viatu vya mdogo vitangulie, halafu triko ya mama. Vilivyokwisha kuvaliwa tutavipokea kwa furaha. Vipimo viko kwenye karatasi ya pili, uende nayo dukani. Mtoto wako.»

Tazameni mambo mawili. Vipimo vimetengwa na barua, kwa sababu barua husomwa na shangazi na karatasi husomwa na muuzaji. Tukivichanganya, salamu zinageuka orodha ya bei. Pia ombi lina mpangilio wa kutangulia. Bila mpangilio huo, mkubwa wetu anabaki na njia mbili: kutoa vyote kwa shida, au kunyamaza kwa aibu. Kumwonyesha lipi linaweza kungoja ni heshima kuliko maneno mengi ya kujinyenyekeza.

Viatu vilifika mwisho wa Mei. Ni 38, na mbele ya kidole kuna nafasi ya kidole gumba kimoja. Triko ya mama haijafika bado, lakini mama anajua itakuja, na anajua itamtosha.