Mshubiri Ulionyauka Majini

Mshubiri wangu wa barazani ulianza kulegea, majani yakawa ya njano na laini. Nikadhani una kiu, nikauongezea maji. Kumbe kopo halikuwa na tundu hata moja chini. Maji yalikuwa yamejaza nafasi zote za hewa udongoni. Mizizi ikakosa pumzi, ikaoza. Mzizi uliooza haunywi, ndiyo maana mmea hunyauka hali udongo umelowa.

Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, inanuka uvundo. Niliikata hadi penye weupe, nikauacha mmea kivulini siku 3 vidonda vikauke, kisha nikaupanda kwenye kopo lililotobolewa, nusu udongo, nusu mchanga wa mtoni. Sasa kabla ya kumwagilia nachomeka kijiti hadi chini. Kikitoka kimenata udongo, nangoja.